Mrejesho: siku yangu ya elfu kumi

Niliuliza: "Nimezaliwa 14 Machi 1998. Nimegawa 10,000 kwa 365 nikapata 6 Agosti 2025, dada yangu anapata tarehe nyingine. Nani yuko sahihi?"

Dada yuko sahihi. Nilisahau miaka mirefu. Mlivyonielekeza, nilianza na miaka 27 kamili hadi 14 Machi 2025: 27 mara 365 ni 9,855. Kisha nikaongeza 29 Februari zote nilizopitia, yaani za 2000, 2004, 2008, 2012, 2016, 2020 na 2024. Ni saba, jumla 9,862. Zikabaki siku 138, na kuzihesabu kutoka 14 Machi kunafika 30 Julai 2025. Zile siku saba ndizo zilizonisogeza hadi Agosti.

Nikahakiki kwa Excel:

```
=DATE(1998,3,14)+10000
```

Mwanzoni ilinionyesha 45868, nikashtuka, kumbe seli ilihitaji tu kuwekwa muundo wa tarehe.

Kipimo nilichokipenda zaidi ni cha siku za wiki. Elfu kumi ni wiki 1,428 na siku 4. Nilizaliwa Jumamosi, kwa hiyo lazima iangukie Jumatano, na 30 Julai 2025 ilikuwa Jumatano kweli.

Mama yeye anahesabu siku niliyozaliwa kuwa ya kwanza, na kwa hesabu hiyo siku ya elfu kumi ni Jumanne, 29 Julai. Hajakosea, mimi nahesabu siku zilizokwisha kupita. Asanteni sana.