Jipu au bawasiri? Tyubu ya elfu 28 au kupasuliwa laki na nusu

Mzee_wa_Gongo la Mboto:
Wakuu nina uvimbe pembeni kabisa ya njia ya haja kubwa, unauma balaa. Duka la dawa wanasema bawasiri, nichukue tyubu na vidonge vya kuchomeka elfu 28. Hospitali wanataka kupasua, laki na nusu. Niende na kipi?

Kaptura:
Una siku ngapi? Homa? Damu au usaha? Una sukari? Unaulizaje bei bila kusema unaumwa nini

Mama Nasri:
Chukua tyubu mwanangu, mimi bawasiri ilinitoka ghafla kama zabibu nyeusi, siku ya tatu maumivu yakashuka yenyewe. Kalia maji ya uvuguvugu.

Mzee_wa_Gongo la Mboto:
Siku ya sita leo na inazidi, inapwita usiku kucha, jana nilitetemeka baridi. Sukari sijawahi kupima.

Kaptura:
Basi si kama ya Mama Nasri. Ile ya ghafla huuma sana siku mbili tatu halafu inapoa, na haileti homa. Yako inapanda kila siku, ina joto na inapwita hata hujaenda chooni, hilo ni jipu. Tyubu haifiki kwenye usaha. Nenda leo, na wapime sukari, kwa mwenye kisukari maambukizi ya hapo yanasambaa haraka mno.

Dr wa Mtaani:
Ameze antibaiotiki kwanza, kisu ndicho kinacholeta fistula.

Chuma Chakavu:
Usimdanganye mwenzio. Mimi nilimeza wiki mbili kwa ushauri kama huo, maumivu yanapungua kidogo yanarudi, kumbe usaha unachimba ndani, nikaja kupasuliwa kwa nusu kaputi, kidonda wanakiacha wazi kijae kutokea chini na unabadilishwa gozi kila siku unalia kama mtoto. Miezi miwili baadaye kikabaki kitundu, kinafunga, kinavimba, kinatoa uchafu. Ndiyo fistula hiyo. Wakanipitishia uzi humo nikatembea nao miezi minne, maana njia ilipita kwenye msuli wa kubana haja na wakikata wote unajichafua.

Kaptura:
Kisu hakileti fistula, jipu linaanzia kwenye tezi ya ndani ya njia na hiyo njia ndiyo inabaki wazi. Hata likipasuka lenyewe inaweza kubaki.

Binti Pwani:
Samahani, fistula si ya akina mama waliokwama uzazi, mkojo unavuja?

Chuma Chakavu:
Hiyo nyingine dada, jina moja tu.

Mzee_wa_Gongo la Mboto:
Sasa mmenitisha. Mwaka jana palipasuka hapo hapo nikiwa kwenye daladala, na mpaka leo nguo ya ndani inapata madoa ya njano. Nilidhani ni jasho.

Kaptura:
Na hukusema mwanzo! Mwambie daktari hilo kabla hajashika kisu.

Mama Nasri:
Jasho la njano mwaka mzima jamani 😂

Dr wa Mtaani:
Bima inalipa?

Mzee_wa_Gongo la Mboto:
Sina bima. Hivi ganzi ya mgongo inaumaje?