Mzee ananipa kiwanja, tumeshauriwa tuandike bei ndogo. Je, itasaidia?

Kijana wa Kwanza:
Wakuu, naombeni ushauri. Mzee wangu ameamua kunigawia kiwanja angali hai. Alikinunua kwa 400,000, kisha upimaji na ukuta vikamgharimu 100,000. Leo viwanja vya jirani vinauzwa 2,000,000. Anayetushughulikia hati anataka tuandike kwamba mzee ameniuzia kwa 600,000 ili kodi iwe ndogo. Mzee anasita, na mimi sitaki aanze kusumbuliwa uzeeni. Na kuna vyumba viwili nilivyojenga humo kwa hela yangu. Tufanyeje?

Mtu wa Pwani:
Mkuu, msiandike bei kabisa. Andikeni hati ya zawadi. Hakuna pesa iliyopita kati yenu, sasa kodi itatoka wapi?

Bi Mwenye Busara:
Sisi tulipofiwa na baba tulibadilisha jina kwenye hati bila kulipa kodi ya faida. Nenda tu na barua ya ukoo, watakuelewa.

Mthamini Mstaafu:
Bi, pole kwa msiba, ila ninyi mlirithi. Urithi una kanuni zake, na nchi nyingi hazihesabu kifo kama mauzo. Mzee wa huyu kijana yuko hai na anatoa kwa hiari.

Mtu wa Pwani, wazo lako la hati ya zawadi ni zuri kwa sababu linasema ukweli. Lakini kutopokea pesa hakufuti kodi. Pale sheria inapotumia kanuni ya thamani ya soko, bei iliyoandikwa kati ya mzazi na mtoto huwekwa kando, iwe 600,000 au sifuri, na badala yake huchukuliwa bei ambayo mgeni angelipa siku hiyo.

Kijana, tuseme ushuru wa uhamisho ni asilimia 4 na kodi ya faida ni asilimia 10. Viwango vyenu vinaweza kuwa vingine, hesabu ni ileile. Ushuru, ambao kwa kawaida hulipwa na anayepokea, utakuwa 80,000 na si 24,000. Faida ya mzee ni 2,000,000 ukitoa 500,000 alizotumia, yaani 1,500,000, na kodi yake ni 150,000. Hapo ndipo penye uzito: anadaiwa kodi ya pesa ambayo hakuishika. Zungumzeni mapema nani ataitoa.

Mtu wa Pwani:
Na ikipita hiyo 600,000 bila kugundulika?

Mthamini Mstaafu:
Ofisi ya ushuru huwa na mthamini wake, na mauzo ya viwanja vya jirani anayo mezani. Tofauti ya mara tatu haihitaji jicho kali. Na hata ikipita, ni taarifa ya uongo yenye saini ya mzee, na mzigo unabaki kwa mtoto. Siku akiuza kwa 2,600,000, gharama yake inayotambulika ni 600,000 na ushuru wa 24,000, hivyo anatozwa kwa faida ya 1,976,000. Angeandika thamani halisi, gharama ingekuwa 2,080,000 na faida 520,000 tu.

Karani wa Mirathi:
Naongeza jambo moja. Ulizeni kama sheria yenu ina nafuu kwa zawadi ya mzazi na mtoto, na ulizeni mara mbili: kwenye ushuru, kisha kwenye kodi ya faida. Kupata moja si kupata nyingine. Mara nyingi lazima uiombe kwa fomu, na uthibitishe undugu kwa cheti cha kuzaliwa. Pia kuna nafuu inayoahirisha tu: mzee halipi leo, lakini wewe unarithi gharama yake ya 500,000, na faida yote inakungoja siku utakapouza.

Kijana wa Kwanza:
Asanteni sana, wakuu. Hiyo 600,000 tunaiacha. Na vile vyumba vyangu je? Mthamini atavihesabu kama zawadi ya mzee?

Mthamini Mstaafu:
Kisheria jengo hufuata ardhi, kwa hiyo usipomwambia ataweka vyote pamoja. Mwombe atenganishe thamani ya ardhi na ya jengo kwenye ripoti, nawe ambatisha risiti za saruji na mabati, mkataba wa fundi na kibali cha ujenzi chenye jina lako.

Karani wa Mirathi:
Hapo tunatofautiana kidogo, mzee wangu. Nimeona ofisi ikikataa kutenganisha kwa sababu hapakuwa na makubaliano ya maandishi ya mtoto kujenga kwenye ardhi ya baba. Kijana, mlikuwa na karatasi yoyote?

Kijana wa Kwanza:
Hapana, ilikuwa ruhusa ya mdomo. Risiti za mabati ninazo, za saruji nina chache.

Mthamini Mstaafu:
Basi peleka ulizonazo pamoja na maelezo ya mzee yaliyoapwa mbele ya wakili, kabla hamjasaini hati. Yaeleze yaliyotokea tu, msirudishe tarehe nyuma. Wakikataa, dai jibu la maandishi ili uweze kukata rufaa.