Mrejesho: viza ya au pair Ujerumani nikiwa na miaka 26

Niliuliza: "Nina miaka 26, sina akiba ya maana. Naweza kwenda Ujerumani kama au pair, au nimeshachelewa?"

Wadau, viza imetoka, asanteni sana. Kuhusu umri, sharti ni uwe hujatimiza 27 siku unayowasilisha maombi. Kwa hiyo kinachobana ni foleni ya miadi ya ubalozi. Mwenye 26 na nusu aanze Kijerumani leo, maana bila cheti cha A1 huendi popote, na usome hadi uweze kuongea, kwa sababu dirishani afisa aliniuliza kwa Kijerumani watoto wana umri gani na nitafanya kazi gani pale nyumbani.

Akiba ndiyo iliyonishangaza. Mwanafunzi hudaiwa akaunti maalumu yenye zaidi ya euro 11,000, lakini au pair hadaiwi, kwani familia inakupa chumba, chakula, bima na euro 280 za mfukoni kwa mwezi. Nauli na ada ya viza nilijitafutia mwenyewe.

Mkataba usomeni kwa makini. Kazi isizidi saa 30 kwa wiki, pamoja na zile jioni za kubaki na watoto. Familia ya kwanza iliniandikia 40, nikaikataa. Na wakala akikuomba pesa ya "akaunti ya viza", kimbia.

Viza hii hupewi mara ya pili, na mwisho wake ni mwaka mmoja. Sasa nimeanza A2.