Play Store inabaki Pending au programu inagoma kuingia: tupeane uzoefu

Jahazi
Wakuu, nakusanya uzoefu wa simu za Android ambazo Play Store inagoma kushusha programu au kuiingiza. Ukichangia, taja imekwama hatua gani, maana "imegoma" peke yake haimsaidii mtu. Kuna inayobaki Pending bila hata MB moja kushuka. Kuna inayoshuka ikafika katikati ikasimama. Na kuna inayoshuka yote, ikaandika Installing, halafu kitufe cha Install kikarudi kana kwamba hakuna kilichofanyika. Hizo ni shida tofauti, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Fundi wa Kona
Nianze na Pending. Kabla hujafuta chochote, tazama foleni. Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti juu kulia, ingia Manage apps & device. Ukikuta programu nyingine zinajisasisha, ile unayoitaka huenda inasubiri zamu tu. Zisimamishe hizo, uibakize moja.

Foleni ikiwa tupu, rudi kwenye picha ya akaunti, ingia Settings, Network preferences, kisha App download preference. Ikiwa imewekwa Over Wi-Fi only na wewe unatumia bando, itasubiri Wi-Fi hata wiki nzima. Weka Over any network.

Na bando lenyewe likaguliwe. Kifurushi cha mitandao ya kijamii pekee hakibebi Play Store, ndiyo maana mtu anachati vizuri WhatsApp akidhani mtandao upo. Fungua ukurasa wowote wa kawaida kwenye Chrome. Usipofunguka, usihangaike na Play Store, nunua bando la intaneti ya kawaida.

Mama Zai
Samahani wanangu, yangu ni iPhone. Programu inaandika Waiting, na App Store inasema Verification Required hata kwa programu ya bure. Nayo ni shida ya bando?

Fundi wa Kona
Hapana mama, hiyo ni njia ya malipo kwenye akaunti yako ya Apple. Kadi iliyowekwa imekwisha muda au kuna deni halijalipwa. Ingia Settings, gusa jina lako, Payment & Shipping, urekebishe kadi hapo. Mengine tunayoyaandika hapa ni ya Android.

Kwale
Tarehe ndiyo mchawi mkubwa. Betri ikiisha kabisa au ikitolewa, simu nyingi za zamani zinarudi miaka ya nyuma, na Play Store haifunguki kabisa. Halafu kuna wanaoweka saa kwa Kiswahili: saa mbili asubuhi wanaandika 2:00 badala ya 8:00. Simu ikiwa nyuma saa 6 hivyo, Play Store haiwezi kufanya kazi.

Fundi wa Kona
Mkuu Kwale, la kwanza umelenga kabisa, la pili limezidi kidogo. Simu inapoongea na seva za Google hukagua cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na vyeti vyao huishi takriban miezi mitatu. Simu inayodhani ni mwaka 2015 inakiona cheti bado hakijaanza, inakikataa, na mazungumzo yanakatika hapo hapo. Saa 6 nyuma kwa kawaida bado zinaangukia ndani ya muda wa cheti, kwa hiyo ukikuta simu ya namna hiyo imekwama, tafuta na sababu nyingine. Lakini saa irekebishwe tu, hakuna faida ya kuiacha.

Kuthibitisha ni rahisi: fungua tovuti kwenye Chrome. Ikiandika "Your clock is behind" au "Your clock is ahead", umempata. Ingia Settings, System, Date & time, washa tarehe na saa za kiotomatiki, na eneo la saa liwe GMT+3 kwa sisi wa Afrika Mashariki. Simu isiyo na laini inaweza kushindwa kujiwekea saa. Hapo weka kwa mkono, na uanze na mwaka, maana wengi hurekebisha saa na dakika wakauacha mwaka vile vile.

BintiPwani
Mimi naongelea ile inayoshuka yote kisha inakataa kuingia. Hapo nafasi ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Watu wanasoma "programu ni MB 150, nina MB 400, inatosha". Haitoshi. Faili lililoshuka linakaa, linafunguliwa, na programu inaongeza vitu vyake, yote kwa wakati mmoja. Tena Android yenyewe inajiwekea akiba ambayo hairuhusu iguswe, hadi MB 500 kwenye simu nyingi. Kwa hiyo zile MB 400 unazoziona huenda hazina kazi kwa Play Store.

Chukua simu ya GB 16 yenye picha na WhatsApp ya miaka miwili. Ingia Settings, Storage, uone kinachokula. Kwa kawaida ni WhatsApp: humo ingia Settings, Storage and data, Manage storage, futa video zilizotumwa mara nyingi. Kisha tazama folda `Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases`. WhatsApp inaweka humo nakala za mazungumzo za siku kadhaa, na kwa mtu mwenye makundi mengi kila moja inaweza kufika mamia ya MB. Futa zile zenye tarehe kwenye jina. Faili linaloanza na `msgstore.db` lisilo na tarehe ndilo jipya kuliko yote, hilo usiliguse. Lenga GB 1 au zaidi iwe wazi ndipo ujaribu tena.

Memori kadi haiokoi kitu hapa usipohamishia picha huko, kwani programu inaingia kwenye nafasi ya ndani ya simu.

Ngalawa
Nafasi ipo GB 5, inashuka yote, bado inakataa WhatsApp. Mara nyingi ni kwamba kuna WhatsApp ya pembeni, iliyopatikana kwa kurushiana faili, inayotumia jina lile lile la ndani. Sahihi zake hazifanani na za ile halisi, kwa hiyo Android inakataa kuiweka moja juu ya nyingine. Lazima ya pembeni iondolewe kwanza, na mazungumzo yake yanaweza kupotea, kwa hiyo mwenye simu aambiwe mapema.

Kwale
Akaunti nayo. Ikigoma, futa data ya Google Play services, inapona.

Fundi wa Kona
Usianzie huko, mkuu. Kufuta data ya Play services kunaondoa na mambo mengine ya Google, kadi za malipo zikiwemo. Panda ngazi polepole. Kwanza Settings, Passwords & accounts, gusa akaunti, Account sync, nukta tatu, Sync now. Ikisema inahitaji kuingia upya, weka nenosiri. Halafu Settings, Apps, Google Play Store, Force stop, kisha Clear cache. Ikishindikana, Clear data ya Play Store tu: programu zako hazifutiki, ila mipangilio yake inarudi mwanzo, ukiwemo ule wa mtandao wa kushushia.

Kuondoa akaunti na kuirudisha ni hatua ya mwisho. Kabla ya kuondoa, hakikisha nenosiri unalijua na namba ya kuthibitishia bado unayo mkononi. Simu nyingi za wateja akaunti ilifunguliwa na mtu wa dukani, na mwenyewe halijui hata herufi moja.

BintiPwani
Hilo la nenosiri liandikwe kwa wino mwekundu.

Ngalawa
Kuna moja sijalipatia jibu. Wi-Fi inashusha vizuri, bando inabaki Pending, App download preference ni Over any network, Data Saver imezimwa, Chrome inafungua kila kitu kwa bando. Private DNS nimeiweka Automatic na VPN imezimwa. Hatua hizo mbili zilifungua simu nyingine, hii bado.

Jahazi
Jaribu ile laini kwenye simu nyingine, na laini nyingine kwenye hiyo simu, uandike matokeo hapa. Na APN irudishwe ya mwanzo kwa Reset to default.