Fundi wa karibu na stendi amenitia ATF kwenye breki

Dada wa Noah: Ndugu wanajukwaa, nyote mnamjua fundi huyu hata nisipomtaja. Juzi alijazia kikopo cha mafuta ya breki kwa ATF, yaani mafuta ya gia za otomatiki, ilhali kifuniko kimeandikwa DOT 3. Leo raba ya ndani ya kifuniko imevimba na kujikunja hata hairudi mahali pake, na magurudumu ya mbele yanakamata yenyewe hadi rimu haishikiki kwa joto. Nilipomwendea akanijibu, bila hata kuinua kichwa, kwamba mafuta ni mafuta. Mafuta ni mafuta! Mtu huyu akikabidhiwa zahanati atawatundikia wagonjwa dripu ya supu.

Gereji Kuukuu: Pole sana, dada. Raba za breki za gari lako hazivumilii mafuta ya jamii ya petroli. Zikivimba huziba kitundu cha ndani ya masta ambacho mafuta hurudia, ndiyo maana breki haiachii. Usikubali amwage na kujaza upya tu. Bomba zisafishwe, na raba za masta, za kalipa na za silinda za nyuma zibadilishwe pamoja na mipira inayopitisha mafuta.

Namba Kubwa: Kosa ni kung'ang'ania DOT 3. Jazia DOT 5, ambayo ni bora zaidi na hainyonyi maji.

Gereji Kuukuu: Ni kweli hainyonyi, kwa kuwa ni silikoni, lakini maji yakipenya hutuama chini kwenye kalipa na kuleta kutu, tena silikoni haichanganyiki na DOT 3 wala DOT 4. Nadhani unafikiria DOT 5.1, ambayo ni kitu kingine kabisa.

Boda wa Mombo: Afadhali wewe, dada, uliyeona alichotia. Muuza spea wetu anapima DOT 4 kwenye chupa za maji, na kopo linashinda wazi. Nikishuka kutoka Lushoto na abiria, mkono wa breki uliingia wote hadi ukagusa usukani. Niliposimama kivulini ukarudi kawaida. Fundi alitoa upepo, lakini wiki iliyofuata ikawa vilevile.

Gereji Kuukuu: Hayo ni maji, kijana. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa ni 155 tu. Mteremkoni inachemka, unabaki unabana mvuke, na ikipoa mvuke unarudi kuwa maji. Mwaga yote, ununue kopo lenye lakiri.

Dada wa Noah: Mimi nimeambiwa mafuta ni mafuta, na raba mpya ninunue mwenyewe!

Mkazi wa Soni: Boda, ni yule muuza spea mwenye meza juani? Kaka yangu naye alinunua kwake.

Boda wa Mombo: Huyo huyo! Na leo kopo lilikuwa wazi tangu asubuhi.

Namba Kubwa: Je, nikichanganya DOT 5.1 na DOT 4?

Mkazi wa Soni: Kwanza huyo muuza spea afungiwe meza.