Elden Ring, kwa Margit: silaha ya haraka au nzito?

mgeni_lindi: Wakuu habari zenu, niko kwa Margit hapa na nimekwama. Nina Uchigatana, na nimenunua Zweihander kwa yule muuzaji aliyejitenga kule Weeping Peninsula. Kila ninayemuuliza ana lake. Silaha ya haraka na nzito, ipi bora, na kwa nini?

chui_mweusi: Ya haraka, hapo hata hamna mjadala. Upanga mzito ukiwa bado uko hewani mwenzako keshapiga mara mbili na kudoji. Halafu Uchigatana inamtoa damu, kila pigo linajaza kile kipimo, kikijaa damu ya bosi inashuka kwa mkupuo. Yule jamaa anapiga mfululizo, upanga wa kunyanyua nusu saa utaunyanyulia wapi?

kobe_mzito: Chui hapo kwenye damu uko sawa, ila umeangalia kunyanyua tu na kunyanyua sio kinachoua watu. Kila pigo lina vipande vitatu, kunyanyua, chuma kupita, halafu kurudi mpaka uwe huru kudoji tena. Kunyanyua unaweza kukulipia mapema, maana ukishamjua bosi unabonyeza R1 wakati fimbo yake bado inashuka na wewe uko pembeni ya njia yake, yeye anagonga chini na upanga wako unatua kichwani kwake muda ule ule. Muda wa kurudi ndio huwezi kuulipia mapema hata ufanyeje, unakuja baada ya pigo na lazima uukae wote. Kwa hiyo mimi nikiokota silaha mpya siangalii inaanza haraka kiasi gani, naangalia inaniachia lini.

Kuipima ni rahisi. Simama sehemu isiyo na adui, piga R1 mara moja, halafu gonga kitufe cha kudoji mfululizo uone mwili unatoka lini. Rudia na silaha nyingine. Utaona kudoji kunakubali mapema kuliko kutembea, yaani usisubiri mpaka mtu wako asimame wima.

baba_ngao: Mnasahau faida kubwa ya silaha nzito. Ukiwa katikati ya pigo huyumbi, bosi akikupiga wewe unaendelea tu na lako linatua. Kwa hiyo habari ya kungoja nafasi ni ya wenye visu, sisi tunabadilishana mapigo.

kobe_mzito: Mzee wangu hiyo ni kweli nusu. Kutoyumba hakuanzi pale unapobonyeza, kunaanza upanga ukishafika mahali fulani kwenye kunyanyua, ukiguswa kabla ya hapo pigo lako linafutwa na stamina imeshaenda. Halafu kutoyumba sio kutoumia. Kwa wale askari wa getini sawa badilishana nao, kwa Margit mkibadilishana mara mbili tatu yeye amepungua kidogo wewe umerudi kwenye kituo cha moto.

baba_ngao: Kwa levo ya mwanzo nakubali. Ukivaa chuma kizito na damu ukiwa umeipandisha ni habari nyingine, mimi nilimpita hivyo hivyo.

mama_wa_padi: Samahanini naingilia, mimi kwangu shida ilikuwa kila nikidoji nimechelewa, silaha yoyote. Nikadhani ni vidole vyangu. Mdogo wangu akaja akaingia kwenye seting za tivii akawasha Game Mode na mambo yakabadilika siku hiyo hiyo. Kwa hiyo anayeuliza aangalie tivii kwanza kabla ya kununua mapanga.

kobe_mzito: Dada hilo ni la maana sana japo halijibu haraka au nzito, tivii ikichelewesha picha inachelewesha kwa wote. Ila mwenye silaha nzito anaweza kuumia zaidi, kwa sababu akikosea kuanza hawezi kughairi, amejifunga mpaka pigo liishe.

mgeni_lindi: Nimewaelewa, lakini mimi nakufa hivi: napiga, naona anakuja, nabonyeza kudoji, mtu wangu anapiga tena badala ya kudoji. Na mara nyingine hafanyi chochote kabisa. Ni tivii?

kobe_mzito: Hapana, hayo ni makosa mawili tofauti. La kwanza ni kwamba gemu inahifadhi ulichobonyeza. Ukigonga R1 mara mbili kwa woga, ile ya pili inakaa kwenye foleni na inatoka tu pigo la kwanza likiruhusu. Ukiwa na Uchigatana utapona mara nyingi kwa sababu pigo la pili ni fupi, ukiwa na Zweihander umejihukumu. Gonga mara moja, toa kidole.

La pili ni stamina. Gemu hii inakuruhusu kupiga hata ukibakiwa na kidogo sana, halafu inakudai. Tuseme pigo zito linakula 25 na umebakiwa na 5, pigo litatoka zima lakini sasa uko chini ya sifuri kwa 20. Kwenye skrini unaona mstari mtupu tu, hauoni deni, na mpaka deni lirudi kitufe cha kudoji ni pambo. Wakati unapiga stamina haijai, na ukinyanyua ngao inajaa polepole, kwa hiyo unasimama pale unamtazama anakuja.

Chukua Margit mwenyewe. Anapandisha fimbo juu anaishikilia, watu wanadoji mapema, wanasimama na fimbo inashuka juu yao. Ngoja mkono uanze kushuka ndio udoji kuelekea pembeni yake, usimwelekee mgongo sana maana ana mkia. Fimbo ikigusa chini tuseme una sekunde moja na nusu. Uchigatana ni mapigo mawili halafu doji. Zweihander ni pigo moja halafu doji, la pili linatosha kuanza na halitoshi kurudi. Na kabla hujapiga angalia mstari, kama haukuachii kudoji mara mbili baada ya pigo, usipige, acha nafasi ipite.

chui_mweusi: Umejijibu mwenyewe kaka, mawili kwa moja. Na zile nafasi ndogo, kwa mfano akishatupa kile kisu cha mwanga, mimi naingiza pigo moja wewe unaingiza sifuri.

kobe_mzito: Sifuri kweli, hapo sibishi. Lakini kila pigo linakatwa na ulinzi wa adui, na pigo dogo linakatwa sehemu kubwa zaidi, kwa hiyo mawili yako sio lazima yafike moja langu. Halafu kuna msimamo wake ambao hauonyeshwi popote. Mapigo mazito, hasa R2 ya kuruka na ile ya kushikilia, yanaumaliza haraka, anapiga magoti unamchoma. Mapigo mepesi yanaupunguza kidogo kidogo, ukipumzika sekunde kadhaa bila kumgusa unajirudia. Kuruka kuna utamu wake pia, kunyanyua kunafanyika hewani wakati unaruka mapigo yake ya chini.

baba_ngao: Na tusisahau hizi nzito ziliongezwa kasi na kupunguziwa muda wa kurudi kwenye toleo la 1.04, Aprili 2022. Wanaozilaumu wengi walizishika kabla ya hapo.

chui_mweusi: Ziliongezwa kasi kwa sababu hazikutosha kwa mabosi wa gemu hii, hilo ndilo nasema. Na bado mabosi wa mbele wanakuja wana nafasi fupi kuliko Margit.

kobe_mzito: Wa mbele ni kweli, na wengine wanamalizia pigo wanaanza lingine hapo hapo. Hapo hata mimi kuna mabosi nabadilisha silaha.

mgeni_lindi: Nimepima kama ulivyosema, Zweihander inaniachia baadaye sana kuliko nilivyodhani. Nimeingia nayo tena, pigo moja moja, nimemfikisha nusu ndio akatoa nyundo. Ile nyundo akiruka nayo nidoji au nianze kunyanyua?

kobe_mzito: Doji kwanza, nyundo ikitua kuna mlipuko unafuata. Mlipuko ukipita ndio R2.

chui_mweusi: Au pigo tatu za Uchigatana.