Kazi ya kubadilisha sura imeisha: kufuta picha na modeli, njia ipi ni salama?

Mhariri_Kinondoni: Wakuu, nimemaliza tangazo ambalo sura ya mwigizaji imewekwa juu ya dereva aliyemchezea zile picha za pikipiki. Wote wawili walisaini, na mkataba unasema nifute kila kitu baada ya malipo. Nimetumia DeepFaceLab kwenye Windows. Mafunzo yamefanyika kwenye SSD, video mbichi ziko kwenye diski ya nje ya kuzunguka. Nalinganisha njia tatu: kufuta kawaida na kumwaga pipa la taka, `cipher /w`, au kusafisha diski nzima. Ipi inatosha?

Sokomoko: Hata usihangaike, ukimwaga pipa zinarudi kwa programu za kuokoa faili. Mimi nilirudisha picha za harusi ya dada yangu zote.

Mhariri_Kinondoni: Kaka, mimi sitaki zirudi.

Sokomoko: Haa, nimesoma haraka. Basi ndiyo ujue kufuta kawaida hakufai.

Binti_wa_Seva: `cipher /w` inamaliza yote. Inaandika sifuri, kisha 255, kisha namba za ovyo, mara tatu. Futa folda, halafu:

```
cipher /w:E:\
```

Modeli unaweza kubaki nayo, ile ni namba tu, haina picha ya mtu.

Mzee_wa_Diski: Binti yangu, kwa diski ya nje uko sawa. Ila hiyo amri haifuti faili, inapita kwenye nafasi iliyo wazi tu, kwa hiyo afute kwanza. Diski kubwa itakesha.

Kwenye SSD mambo ni tofauti. Kidhibiti chake huhamisha maandishi kutoka chembe moja kwenda nyingine ili zisichakae upande mmoja, hivyo unachoandika leo si lazima kiende pale ilipokuwa picha jana. Hapo kinachosaidia ni TRIM: Windows inaiambia SSD kwamba eneo fulani halina kazi tena. Aangalie kama imewashwa:

```
fsutil behavior query DisableDeleteNotify
```

Kwenye mstari wa NTFS, 0 maana yake imewashwa. Akishafuta, aisukume:

```
Optimize-Volume -DriveLetter D -ReTrim -Verbose
```

Hiyo ya pili ni ya PowerShell, ifunguliwe kama msimamizi. Kwa mtu wa kawaida mwenye programu ya kuokoa faili, inatosha. Kwa maabara yenye vifaa vya kusoma chipu moja kwa moja, siwezi kukuapia. Mwenye hofu ya kiwango hicho asafishe diski nzima kwa amri ya mtengenezaji, na hapo lazima ahamishe Windows yake kwanza.

Sasa hilo la "namba tu". Fungua `workspace\model`. Faili lenye `decoder_src` ndilo linalojua kuichora ile sura. Mtu akilipata pamoja na wenzake anaweza kuibandika kwenye video nyingine yoyote. Na faili la `data.dat` hubeba sampuli za nyuso za kuonyesha maendeleo. Picha ukizifuta ukabakiza modeli, umebakiza sura.

Binti_wa_Seva: Nimekuelewa, mzee. Lakini mteja akirudi na tangazo la pili? Mafunzo yanaanza upya?

Mzee_wa_Diski: Abakize ile modeli ya msingi kama ilivyokuwa kabla ya kuona sura ya mteja. Iliyoendelezwa iondoke, au aombe ridhaa mpya kwa maandishi.

Wakili_Mdogo_Nairobi: Hapo sikubaliani kabisa. Kwetu, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nisingefuta siku hiyo hiyo. Mwigizaji akilalamika baada ya mwezi, utaonyesha nini? Weka fomu ya ridhaa na video ya mwisho.

Mzee_wa_Diski: Fomu na video ya mwisho sawa, mwanangu. Vya mafunzo, hapana.

Mhariri, usisahau `new_SAEHD_autobackups`, kama uliwasha nakala za kila saa. Folda hiyo ina modeli nzima mara kadhaa. Pia folda za nyuso zilizokatwa, `aligned`, za `data_src` na `data_dst` zote mbili, maana dereva wa pikipiki naye ana uso. Kama ulifungasha nyuso, kuna `faceset.pak`. Kazi ijayo, anzia ndani ya kontena la VeraCrypt lenye nywila ndefu, uweke workspace yote humo. Ukimaliza unafuta kontena na kuitupa nywila. Hata mabaki yakikaa kwenye SSD, hayasomeki.

Mhariri_Kinondoni: Asante, mzee. Nimepitisha PhotoRec, programu ya kuokoa faili, kwenye zote mbili. Diski ya nje imetoa nyuso kibao za JPG kutoka folda ya `aligned` niliyoihamisha kule mwezi uliopita, nikaisahau. SSD haijatoa hata moja baada ya TRIM. Folda hiyo nimeifuta, kisha nimeanza `cipher` kwenye ya nje, itaisha kesho. Ila prodyuza alinitumia picha kwa WhatsApp, na simu yake inajihifadhi Google Drive. Hizo nani anazifuta, mimi au yeye?

Wakili_Mdogo_Nairobi: Mkataba wako unamtaja prodyuza?

Mhariri_Kinondoni: Haumtaji.